Chini ya Kitanda cha Mgonjwa

Shangazi yangu alirithi kitu kimoja tu kutoka kwa mama yake, nacho hakikuwa shamba wala kanga. Yalikuwa maneno, na hata hayo hakuyakumbuka sawasawa. Alibakiwa na maana yake kwa mbali: kwamba siku moja Mungu atamlaumu mtu, atamwambia niliumwa na wewe hukuja kuniangalia. Basi, hapo ndipo yalipoishia. Mama yake alifariki wakati yeye ndiyo kwanza meno ya utoto yanang'oka, na mtoto wa umri ule hahifadhi maneno ya watu wazima, anahifadhi sauti na harufu ya moshi wa jikoni.

Niseme kwanza shangazi ni nani, maana hatukuchangia damu. Mama yake aliteremka kutoka uwanda wa Makonde kuja kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge jirani na Lindi, akaishi kambini na mwanawe huyo mmoja, akafia humo humo. Babu yangu alikuwa dereva wa trekta shambani pale. Akamchukua yule mtoto, akarudi naye kwao Kilwa, akamlea pamoja na baba yangu, na tangu hapo hakuna aliyemwita mtoto wa kulea. Alikua Mwislamu, akaolewa hapo hapo Kilwa, akazaa, akafiwa na mume. Kila mwezi wa Shaabani, watu wanapowasomea wazee wao waliotangulia kabla Ramadhani haijaingia, alipika wali, akamwita mwalimu wa madrasa ya mtaani kwake, na mama yake ndiye aliyetajwa wa kwanza. Mimi nimekulia Lindi, hitima zake nilikuwa nazipata kwa kusimuliwa.

Halafu mzee mmoja kutoka kule uwandani akamharibia. Walikutana msibani, wakaulizana ukoo, na yule mzee, huku ananawa mikono, akasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi kwamba mama yako mimi nilisikia habari zake, alikuwa mtu wa misheni. Akaketi, akala, akaondoka zake. Shangazi alirudi nyumbani na neno hilo. Alifundishwa tangu utotoni kwamba aliyekufa nje ya Uislamu haombewi msamaha kwa kisomo, anaachiwa Mungu wake. Shaabani iliyofuata hakupika wali. Akawaambia wanawe kwamba miguu inamuuma.

Aliyaficha hayo mpaka alipokuja kwangu Mtanda, hapa Lindi, kutibiwa mtoto wa jicho. Siku moja tunachambua mchele barazani, yaani mimi nachambua na yeye anapapasa, akanieleza yote. Nilikasirika. Nikasema huyo mzee hakuwa hata na adabu ya kumaliza kunawa. Shangazi hakucheka. Akasema:

"Kama alikuwa mtu wa misheni, basi miaka yote nimekuwa nikimbishia hodi mlango usio wake. Wewe umesoma. Nitafutie yale maneno yake ni ya dini gani. Yakiwa ya kwetu, nitamsomea mwezi huu. Yakiwa ya kanisani, nitanyamaza, nimwachie Mungu."

Nimesoma, ndiyo, lakini nafundisha Jiografia. Nikiulizwa mkondo wa maji ya bahari umetoka wapi, najibu nimesimama. Neno la marehemu lililobaki maana tupu, bila mwanzo wala mwisho, sikujua hata nilishike wapi. Hata hivyo kwangu mimi kusema sijui ni kama kumeza mwiba, kwa hiyo nikasema hilo jambo dogo.

Nilianza na Msahafu wenye tafsiri, kwenye faharasa ya mambo yake. Nikatafuta mgonjwa, kuzuru, lawama, Siku ya Kiyama. Nilipata kwamba mgonjwa amepunguziwa mzigo wa kufunga, na kwamba hakuna lawama juu yake asipokwenda vitani. Mungu anayesema niliumwa sikumwona popote. Nikaingia kwenye simu, na simu, kama kawaida yake, ikanipa zaidi ya nilichoomba. Ikaniambia kuwa hata wanazuoni wa Kiyahudi wa kale walifundisha kwamba utukufu wa Mungu hukaa juu ya kitanda cha mgonjwa. Hilo lilinisimamisha. Sikuwahi kufikiri kwamba kitanda cha mgonjwa ni mahali ambapo watu wengi, wasiojuana, wamepatazama wakaona kitu kile kile. Lakini kambi ya mkonge haikuwa na Wayahudi. Nikajifunza hapo kanuni yangu ya kwanza: usiulize tu nani aliyasema maneno haya, uliza pia yangemfikiaje mwanamke yule, mahali pale. Kambini kulikuwa na Waislamu wa pwani na wa bara, na kulikuwa na Wakristo wa misheni. Mlango ulikuwa mmoja kati ya miwili.

Shuleni nina mwenzangu anayefundisha Kiswahili, Mkristo wa uwandani, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi. Sikumaliza hata kumsimulia. Akasema hiyo ni Injili, hiyo ni siku ya hukumu, kondoo na mbuzi, mbona hata watoto wa shule ya Jumapili wanaijua. Alikuwa na hakika mpaka nikaona aibu kwamba nilihangaika na simu. Jioni hiyo akaja nyumbani, akampa shangazi shikamoo, akapokea marahaba, akakaa kwenye mkeka, na kwa sauti yake tamu akaanza kumuuliza. Je, mama alisema pia kuhusu wenye njaa? Ndiyo mwanangu, na wenye njaa. Na wenye kiu? Ndiyo, na wenye kiu. Na wageni? Ndiyo, na wageni. Na walio uchi? Nao. Na wafungwa gerezani?

"Ndiyo mwanangu," shangazi akasema, "na wafungwa."

Mwenzangu akanigeukia, macho yanang'aa. Njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa, kifungo, yote sita yametimia, na kwa mpangilio wa Injili. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ametulia, mikono mapajani. Nilihisi kama nimeona kaburi linafunikwa kwa mara ya pili.

Hata hivyo mimi ni mbishi. Kesho yake, baada ya alasiri, nilipita kwa mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, mtu mpole anayecheka kabla hajajibu. Nikamweleza ile maana, bila kutaja Injili. Naye hakuniacha nimalize. Akasema hiyo ni hadithi kudsi. Nilipomwambia mbona Msahafuni sikuikuta, akacheka, akasema nisingeikuta hata ningetafuta mwaka mzima. Hadithi kudsi ni maneno ambayo Mtume anayasimulia kutoka kwa Mola wake, lakini hayamo ndani ya Kurani. Yamepokewa na kuhifadhiwa pamoja na hadithi nyingine. Kumbe nilikuwa nimekipekua chumba kimoja nikatangaza kwamba nyumba nzima haina kitu.

Akaja naye kumwona shangazi, maana alikuwa pia mgonjwa wa macho na ilikuwa haki yake kuzuriwa. Akamuuliza kwa heshima. Je, mama alikuwa akisema kwamba Mungu atamwita mtu, ewe mwanadamu? Ndiyo mwalimu, mwanadamu. Na kwamba baada ya ugonjwa atamuuliza chakula, halafu maji? Ndiyo mwalimu, chakula, halafu maji. Na hakutaja jingine zaidi ya hayo matatu? Shangazi akasema hakutaja. Jana yake alikuwa ametaja mpaka gereza.

Alipoondoka nilimvaa shangazi. Nilimuuliza inakuwaje mama yake mmoja awe na midomo miwili. Akashangaa kwamba nashangaa. Yule binti amekuja na miguu yake, akasema, amevuka mji mzima, nimkatalie? Na mwalimu je, mtu mzima vile, anauliza vizuri, nimwambie hapana usoni? Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu sote. Kwetu, mgeni akikuuliza jambo na ukaona analitaka, unampa. Si uongo, ni ukarimu, kama kumpa kiti. Tulikuwa tumemwendea mwanamke mwenye adabu na maneno yetu mikononi, akayapokea yote, na sasa hatukuweza tena kujua lipi lilikuwa lake na lipi tulimletea sisi. Nikaweka kanuni ya pili: hakuna mtu kumuuliza tena swali ambalo jibu lake limo ndani ya swali.

Nikawaomba wale wawili, kila mmoja, anisomee ya kwake taratibu. Mwenzangu alikuja na Biblia yake, mwalimu akanisomea yake kwa Kiarabu kisha akanifasiria, na mimi nikakaa nayo kichwani siku nzima nikisahihisha ramani za wanafunzi bila kuziona. Nilitarajia kukuta tofauti kubwa iliyojificha. Nilichokikuta kwanza ni ufanano, nao ulinitisha kwa uzuri wake. Katika zote mbili ni siku ya mwisho. Katika zote mbili Mwenye Enzi hasemi uliiba, ulizini, ulikufuru. Anasema niliumwa. Mwenye kushika mbingu anasimama mbele ya watu akiwa mdai wa kutembelewa. Mimi nimesali tangu utoto, na sidhani kama niliwahi kuinua kichwa nikashangaa hivyo.

Baadaye ndipo nikaona mahali zinapoachana. Katika Injili anayesema ni Mfalme, na mbele yake yapo makundi mawili, la kuume na la kushoto. Nao wanauliza wote pamoja: ni lini tulikuona unaumwa? Jibu ni kwamba mlichomtendea mmoja wa hawa ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi. Katika hadithi, Mungu anasema na mtu mmoja, na ugonjwa unatangulia. Mtu yule haulizi lini. Anauliza vipi: nikuzuru vipi, nawe ndiye Mola wa viumbe vyote? Jibu ni kwamba mja wangu fulani aliumwa, hukumzuru, na lau ungemzuru ungenikuta kwake. Mwalimu alinionyesha jambo ambalo sitalisahau. Kwenye chakula na maji, Mungu anasema ungempa ungeikuta thawabu yake kwangu. Kwenye ugonjwa peke yake anasema ungenikuta Mimi.

Mwenzangu alilisema kwa ufupi kuliko wote. Akasema kwetu mgonjwa ndiye Bwana mwenyewe, kwenu Mungu yupo kwa mgonjwa.

Kwa hiyo nilijua ninachokitafuta, na nilijua kwamba siruhusiwi kukiuliza. Nilihitaji shangazi atoe mwenyewe, bila kusukumwa, kitu ambacho hakuna aliyemwekea mdomoni. Shaabani ilikuwa inasonga. Nami uvumilivu si kipaji changu. Nilikuwa nazunguka nyumbani nafunga na kufungua makabati.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, muuza maandazi, alishikwa na homa. Shangazi aliposikia akanitaka nimpikie uji wa mchele wenye tui, akajifunga kanga, akanishika bega nimwongoze. Nilimwambia na yeye ni mgonjwa. Akasema mgonjwa wa macho si mgonjwa wa miguu. Alikuwa amesahau kwamba mwaka uliopita miguu ndiyo ilikuwa ikimuuma.

Tuliingia, tukamsalimia, tukampa pole, uji ukawekwa juu ya stuli. Ndipo shangazi, ambaye haoni hata sahani iliyo mbele yake, akainama polepole, akashika ubao wa kitanda, akainua shuka lililoning'inia, akachungulia chini ya kitanda. Akatazama hivyo kwa muda. Kisha akainuka na kukaa, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Si kwamba sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote. Nilipougua surua utotoni, akaja kutoka Kilwa, jambo la kwanza alichungulia chini ya kitanda changu, na mimi nikadhani anatafuta panya. Alipokwenda kumwangalia baba yangu hospitali alichungulia, na muuguzi akamuuliza kama ameangusha kitu. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka kwamba shangazi ni mkaguzi wa usafi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

Tulipotoka nje nikamuuliza. Sikuweka neno lolote ndani ya swali. Nilisema tu: "Shangazi, huwa unatazama nini pale chini?"

Akaona haya, akacheka. Akasema ni mazoea tu, mambo ya utoto. Nikanyamaza. Ilinigharimu, lakini nilinyamaza, na tulipofika barazani akaendelea mwenyewe. Kambini kulikuwa na mwanamke aliyegombana na mama yake kwenye foleni ya maji, wakarushiana maneno mabaya. Halafu yule mwanamke akaugua. Mama akachukua uji, akamshika mwanawe mkono, na mtoto njiani akagoma, akauliza kwa nini tumpelekee yule mbaya.

"Mama ndiyo akaniambia hayo, kwamba Mungu atakuja kulalamika, atamwambia mtu niliumwa hukuja. Mimi nikamuuliza, Mungu anaumwa vipi? Mama akasema, vivyo hivyo ndivyo atakavyouliza huyo mtu, na Mungu atamwambia, jirani yako aliumwa, ungekwenda ungenikuta kwake. Basi tulipofika mimi nikamtafuta. Nikatazama nyuma ya mlango, hayupo. Nikatazama mtungini. Nikainama chini ya kitanda, nikamkuta kuku ameatamia. Nikamnong'oneza mama, Mungu hayupo, yupo kuku. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na yule mgonjwa naye akacheka, wakapatana palepale."

Akafuta macho yake mabovu kwa ncha ya kanga.

"Hakuishi sana baada ya hapo," akasema. "Mimi nikaendelea kutazama."

Nililia waziwazi, mwanamke mzima, barazani, wapita njia wananitazama. Neno lilikuwa limempotea kichwani, lakini mgongo wake ulikuwa umelishika. Kwa umri wote ule alikuwa akilisoma kila alipoingia kwa mgonjwa, kwa kuinama, na sisi tulisimama nyuma yake tunacheka.

Nilipomsimulia mwenzangu, hakuhitaji nimfafanulie. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kubisha, na ndiye aliyekata shauri. Akasema mtoto aliyefundishwa ya kwetu angemkodolea macho mgonjwa mwenyewe, angetaka kujua kama yule mama mgomvi ndiye Bwana. Asingechungulia uvunguni. Anayetafuta pembeni mwa mgonjwa ameambiwa kwamba kuna mwingine mle chumbani. Tena mtoto aliuliza vipi, na mama akamwambia vivyo hivyo ndivyo atakavyouliza. Kwetu, akasema, watu wanauliza lini. Alisema hayo kwa sauti ya chini, na niliona kwamba lilimgusa, maana alikuwa ameshampenda yule marehemu kama mtu wa kwao.

Mwalimu alifurahi, lakini alikuwa mwangalifu kuliko nilivyotaka. Alimwambia shangazi wazi: neno hili limetoka kwetu, hilo nalithibitisha. Mama yako alikuwa na nini moyoni, Mungu peke yake ndiye ajuaye, kwa sababu maneno mazuri huvuka ukuta wa jirani. Nilitaka kumkatiza. Akaniinulia kiganja, akaendelea.

"Lakini sisi tunahukumu kwa kinachoonekana. Upande mmoja yupo mtu aliyesema alisikia. Upande wa pili yupo mama aliyemshika mwanawe mkono akamfundisha hadithi hii, akaifanyia kazi siku hiyo hiyo. Mimi, mama, ningemsomea."

Tulisoma Ijumaa, siku chache kabla ya mwezi kuandama, hapo hapo kwangu. Mwenzangu alileta sukari na akakaa jikoni na wanawake wengine akikuna nazi. Muuza maandazi, aliyepona, alikuja na sinia lake. Wanaume walikaa sebuleni na mwalimu, sisi tulikuwa chumba cha ndani, pazia katikati. Kisomo kilipofika mahali pa kutaja marehemu, mwalimu akauliza kutoka upande wa pili wa pazia, tuanze na nani.

Shangazi akalitaja jina la mama yake kwa sauti, jina la kule uwandani, fupi, ambalo mimi niliyemjua shangazi maisha yangu yote sikuwahi kulisikia. Mwalimu akalirudia. Chumba kizima kikasema amina. Na shangazi akainama, akashika kanga yake kwa mikono miwili, akatazama sakafuni mbele yake, kama vile safari hii amemkuta.